Taarifa ya Tukio: Wafanyakazi 22 kuharisha baada ya chakula cha mchana cha kantini, Alhamisi 19 Juni 2025

Kwa: Meneja wa Kiwanda
Nakala: Kamati ya Usalama na Afya, Afisa Afya wa Kata, tawi la chama cha wafanyakazi
Kutoka: Muuguzi wa zahanati ya kiwanda, Dar es Salaam
Imeandikwa: Jumamosi 21 Juni 2025, saa 5 asubuhi

Hali ilivyo sasa

Wafanyakazi 22 waliharisha usiku wa kuamkia Ijumaa. Wawili walilazwa hospitali ya wilaya na wote wameruhusiwa leo asubuhi. Tangu Ijumaa mchana hakuna mgonjwa mpya. Ninachoshuku ni mchuzi wa nyama ya ng'ombe wa Alhamisi. Majibu ya maabara bado, kwa hiyo neno "kushuku" libaki hivyo hadi yatakapotoka.

Nani nimemhesabu

Nimemhesabu mgonjwa kila aliyekula kantini Alhamisi mchana, kisha akaharisha mara tatu au zaidi kati ya saa 12 jioni siku hiyo na saa 6 mchana wa Ijumaa. Daftari la chakula lina majina 78. Nimezungumza na 71, mmoja mmoja, bila msimamizi wake kuwepo. Saba waliobaki wengine wako likizo na wengine simu hazipatikani.

Waliolalamika walikuwa 23. Mmoja nimemtoa kwenye hesabu: alikuwa na homa ya 39.1, baridi kali na kutapika bila kuharisha, na kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha anayo. Ameanza dawa.

Walichokula na saa walizoanza kuugua

Siku hiyo kulikuwa na wali kwa nyama ya mchuzi, au ugali kwa maharage na mchicha. Matunda yalikuwa ndizi. Awamu ya kwanza ilikula kuanzia saa 6:30 mchana, ya pili saa 7:30. Orodha nzima iko kwenye daftari la zahanati. Hapa naweka saba wanaoonyesha sura ya tukio.

| Na. | Alikula nini | Saa ya kula | Dalili zilianza | Muda | Dalili |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Wali, nyama | 6:45 mchana | 3:15 usiku | saa 8 dk 30 | Msokoto wa tumbo, kuharisha mara 6 |
| 2 | Wali, nyama | 7:00 mchana | 2:40 usiku | saa 7 dk 40 | Kuharisha mara 8, kichefuchefu |
| 5 | Wali, nyama | 6:40 mchana | 5:30 usiku | saa 10 dk 50 | Msokoto, kuharisha mara 5 |
| 9 | Wali, nyama | 6:45 mchana | 6:15 usiku | saa 11 dk 30 | Kuharisha mara 9. Ana mimba ya wiki 26 |
| 14 | Wali, nyama mara mbili | 7:40 mchana | 8:00 usiku | saa 12 dk 20 | Kuharisha mara 11, kizunguzungu, presha 90/55 |
| 17 | Ugali, maharage, mchuzi wa nyama | 7:50 mchana | 9:30 usiku | saa 13 dk 40 | Msokoto, kuharisha mara 4 |
| 22 | Wali, nyama | 7:45 mchana | 11:20 alfajiri | saa 15 dk 35 | Kuharisha mara 3 |

Na. 2 ndiye aliyeugua upesi kuliko wote, Na. 22 ndiye aliyechelewa. Hakuna mwenye homa zaidi ya 37.6, wala aliyeona damu kwenye choo. Waliotapika ni wawili tu.

Na. 17 alinisumbua sana. Mara ya kwanza aliniambia hakula nyama, nami nikaandika hivyo. Jioni nilimrudia nikamuuliza alivyopakuliwa, hatua kwa hatua. Nyama kweli hakula, ila maharage yalikuwa makavu akaomba upawa mmoja wa mchuzi. Nimesahihisha kwa kukata mstari mmoja na kuweka saini. Maandishi ya awali bado yanasomeka.

Baada ya sahihisho hilo, waliokula nyama au mchuzi wake ni 47, na 22 kati yao waliugua, yaani asilimia 47. Ambao hawakugusa nyama wala mchuzi ni 24, na hakuna aliyeugua.

Kuhusu mama wa mandazi

Ijumaa saa 2 asubuhi walinzi walimwondoa getini mama anayeuza chai na mandazi, kwa sababu wagonjwa wanne wa mwanzo walisema wamekula kwake. Naomba jambo hili lisomwe kwa makini. Yeye hufungua saa 12 asubuhi, na wagonjwa wote 22 walikuwa wameshaanza kuharisha kabla ya saa hiyo. Mandazi ya Ijumaa hayawezi kuwa chanzo. Niliuliza pia kuhusu ya Alhamisi: kati ya 31 walioyala waliugua 9, na kati ya 40 ambao hawakuyala waliugua 13. Hakuna kinachomgusa. Amepoteza siku ya biashara, na naona ni haki uongozi wenyewe, si mlinzi, ukamwambie arudi.

Nyama ilivyopikwa

Mpishi mkuu alinieleza bila kuficha. Kilo 18 zilipikwa Jumatano jioni katika sufuria moja, zikaiva saa 1:30 usiku. Jokofu lilikuwa limejaa samaki, kwa hiyo sufuria ilifunikwa na kuachwa sakafuni hadi Alhamisi saa 4 asubuhi, takriban saa 14 na nusu. Ikapashwa hadi mchuzi ukaanza kuchemka pembeni, kisha ikakaa juu ya jiko lenye makaa yaliyokwisha nguvu hadi awamu ya pili. Jikoni hakuna kipimajoto.

Muda wa takriban saa 8 hadi 16, msokoto na kuharisha bila homa, vinaendana na bakteria aina ya klostridia pafrinjensi. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na nyama nyingi ikipoa polepole, mbegu hizo huota na bakteria huongezeka. Sumu ya stafilokoki ingeanza mapema zaidi, na kutapika ndiko kungetawala. Haya ni maelezo ya dalili tu.

Hatua zilizochukuliwa, Ijumaa 20 Juni

Saa 1:50 asubuhi nilipokea wagonjwa wanne, nikaanza kuwapa ORS. Saa 2:20 nilimwomba msimamizi wa zamu asimamishe kantini. Ilifungwa saa 2:35. Saa 2:40 nilimpigia Afisa Afya wa Kata. Saa 3:05 Na. 9 na Na. 14 walipelekwa hospitali kwa gari la kiwanda, na walitundikiwa dripu.

Saa 3:20 nilichukua mabaki ya nyama, kama gramu 300, kutoka bakuli lililokuwa kwenye jokofu, nikayaweka kwenye chombo kilichochemshwa, ndani ya kasha la barafu. Choo cha wagonjwa watatu kilichukuliwa kabla hawajapewa dawa yoyote zaidi ya ORS. Afisa Afya alipokea vyote saa 5:45 na kusaini. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa Alhamisi jioni na wali haukubaki, kwa hiyo vitu hivyo viwili havitapimwa.

Wapishi watatu wamechunguzwa: hakuna mwenye kidonda mikononi wala aliyeharisha wiki hii. Wote wagonjwa wamepewa mapumziko hadi wapitishe saa 48 bila kuharisha. Naomba siku hizo zisikatwe kwenye mshahara.

Yanayosubiri uamuzi wako

Kantini isifunguliwe kabla Afisa Afya hajaikagua. Linunuliwe jokofu la pili na vipimajoto viwili. Hadi jokofu lifike, nyama ipikwe siku ile ile inayoliwa. Nasihi mpishi asiadhibiwe. Ombi lake la jokofu liko kwenye daftari la jikoni tangu Februari, na bila ukweli wake nisingejua pa kuanzia.

Wale saba nitaendelea kuwatafuta. Nyongeza ya taarifa hii itakufikia Jumatatu 23 Juni, saa 4 asubuhi, majibu yawe yametoka au la.

Muuguzi, zahanati ya kiwanda