Tathmini ya mchoro wa moyo kwa mwalimu tarajali

Mwalimu tarajali,

Nimeupitia mchoro wako wa mkato wa wima wa moyo wa binadamu, uliouchora kwenye manila kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Umbo lake ni zuri, na umekumbuka kwamba upande wa kulia wa moyo hukaa kushoto kwa mtazamaji, jambo ambalo wenzako kadhaa wameligeuza. Kati ya sehemu 13 tulizokubaliana umeziandikia majina 10.

Majina yanayokosekana ni matatu. Mshipa unaoingia kwenye auriko ya kulia kutoka chini umeuchora vizuri lakini hukuuandika kuwa ni vena kava ya chini. Nadhani ulidhani jina la vena kava ya juu linatosha kwa yote mawili. Vali nusu-mwezi, zilizo mwanzoni mwa aota na ateri ya mapafu, zimechorwa kwa penseli hafifu na kuachwa bila jina. Ukuta wa kati nao hauna jina, ingawa ndio unaozuia damu yenye oksijeni nyingi isichanganyike na ile yenye oksijeni kidogo, kwa hiyo mwanafunzi atauulizia kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa lililonisumbua zaidi ni la mstari wa ateri ya mapafu. Mahali ulipouelekeza, ateri hiyo inapita mbele ya aota, na ncha ya mstari wako imevuka ukingo kwa milimita tatu hivi ikatua juu ya aota. Kwenye daftari ningedhani mkono umeteleza tu, lakini kwenye chati inayosomwa kutoka dawati la nyuma, mtoto ataondoka akijua kwamba aota hupeleka damu kwenye mapafu. Sogeza ncha hiyo juu kidogo, pale ateri inapogawanyika matawi mawili, ambapo hakuna mshipa mwingine wa kuugusa.

Mstari wa vali ya bikaspidi nao umeishia kwenye kano zinazoishikilia vali, sentimita moja chini ya vipande vya vali yenyewe, kwa hiyo sikuukubali. Wa ventriko ya kushoto umegota kwenye msuli mnene. Nimeukubali kwa kuwa msuli huo ni sehemu ya ventriko, ila ningependa uingie hadi ndani ya chumba, kama ulivyofanya kwa ventriko ya kulia.

Mistari miwili ya upande wa kulia umeichora bila rula, na mmoja una kichwa cha mshale. Kiondoe, kwa sababu mishale kwenye mchoro huu tumeitenga kwa ajili ya kuonyesha mwelekeo wa damu.

Alama ni 8 kati ya 13. Usichore upya manila nzima. Futa mistari niliyoitaja, ongeza majina matatu, kisha uniletee Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza.

Mkufunzi wa Biolojia