Ombi la Ruhusa ya Siku za Matanga

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Rasilimali Watu,
Makao Makuu, Eneo la Viwanda,
Nairobi.

Kwa Bwana Mutua,

MINT: RUHUSA YA MSIBA WA MAMA MZAZI, 14 HADI 17 OKTOBA 2025

Kama nilivyokuarifu kwa simu asubuhi, mama yangu mzazi, Bi. Mwanajuma, amefariki alfajiri ya leo hapa nyumbani. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Ameswaliwa Msikiti wa Riyadha, Pumwani, na amezikwa baada ya alasiri katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor.

Naomba ruhusa ya siku nne za kazi, kuanzia leo Jumanne hadi Ijumaa tarehe 17. Jumamosi si zamu yangu, Jumatatu tarehe 20 ni Sikukuu ya Mashujaa, kwa hiyo nitakuwa mezani pangu Jumanne tarehe 21, saa mbili asubuhi.

Kanuni zetu zinampa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi siku tatu, na siku mbili zaidi akiwa anasafiri kwenda kuzika nje ya Nairobi. Siku tatu hizo nazidai kwa haki yangu. Ya nne ndiyo ninayoiombea, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya kujaza fomu peke yake. Mimi sina safari. Nyumbani kwetu ni hapa Majengo. Nyanya yangu alizaliwa hapa, mama akazaliwa hapa, na sote tunazikwa Kariokor. Yeyote anayeisoma kanuni harakaharaka ataona marehemu amezikwa mchana, mjini humu humu, na atauliza kimebaki nini cha kufanya Jumatano, sembuse Ijumaa.

Kimebaki karibu kila kitu, Bwana Mutua. Kwetu maziko hayangojwi. Mtu akifa alfajiri, akiweza kuzikwa adhuhuri au alasiri, huzikwa. Hakuna wiki ya vikao vya maandalizi, hakuna kungoja walio mbali wafike. Mambo ambayo jamaa wengine huyafanya kabla ya mazishi, sisi huyafanya baadaye, katika siku tatu za matanga. Ndizo siku ambazo watu wanakuja, wanaosafiri wanafika, Kurani inasomwa, na wafiwa wanaachwa walie bila kuulizwa la kazi.

Na kuna jambo linalonihusu mimi kama mwanamke. Leo nimemwosha mama yangu pamoja na mama mdogo na mwoshaji wa mtaa, tukamvika sanda, tukamuaga. Kisha jeneza likabebwa na wanaume, nasi tukabaki nyumbani. Kwa desturi yetu wanawake hatulifuati jeneza hadi makaburini. Sikuliona kaburi likifukiwa. Msiba wangu mimi uko humu ndani, kwenye mikeka, na wanawake wanaoingia kuanzia asubuhi hadi usiku. Nikirudi kazini kesho kwa kuwa maziko yamekwisha, nitakuwa nimeondoka msibani kabla sijakaa.

Mimi ndiye kifungua mimba, na binti ni mimi peke yangu. Ndugu zangu wawili wako nje chini ya turubai na baba, wanapokea mikono ya wanaume. Upande wa ndani ni wangu. Leo jioni wamekuja kina mama wa Kibra na wa South C, kesho tunawatarajia wa Eastleigh. Jamaa wa Mombasa wanafika kwa treni, wengine usiku huu na wengine kesho, na lazima mtu awapokee Syokimau na kuwatafutia pa kulala. Kila anayeingia anataka kunishika mkono, anataka kusikia mama aliondokaje, na ana lake la kusimulia juu yake. Hilo haliwezi kufanywa na mtu mwingine kwa niaba yangu. Chakula angalau hatupiki: mafundisho yetu ni kwamba wafiwa ndio wa kupikiwa, na majirani wameshika zamu tangu mchana. Mama mwenyewe amewapikia watu matanga katika mtaa huu miaka yote niliyomjua, na leo nimeona sufuria zikirudi mlangoni kwake kutoka nyumba ambazo sikujua kama aliwahi kuingia.

Siku ya tatu ni Alhamisi tarehe 16. Siku hiyo tunasoma hitima: msahafu una juzuu 30, wasomaji wanagawana, kila mmoja anasoma yake hadi yote itimie, kisha dua, kisha watu wanalishwa. Hapo matanga yanavunjwa. Dini yetu hairuhusu maombolezo kuvuka siku tatu, isipokuwa kwa mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Aliyebaki kwetu ni baba, na mwanamume hana eda. Nalitaja hili ili ujue kwamba muda ninaouomba una mpaka, na sitaleta barua nyingine wiki ijayo kuuongeza.

Sasa Ijumaa. Baada ya swala ya Ijumaa familia inakaa kikao, na ndicho kinachonihitaji zaidi kuliko yote. Mali ya marehemu haigawanywi mpaka gharama za maziko zitolewe, madeni yake yalipwe, na wasia, ikiwa upo, utekelezwe usiozidi theluthi moja. Mali ya mama si nyingi. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi, na kuna watu wanaomdai na anaowadai. Deni la maiti kwetu si jambo la kuahirisha. Zaidi ya hapo, alikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha kina mama wa mtaa. Daftari na pesa za wanachama vimo ndani ya sanduku lake, na mwenye kujua hesabu zake ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia. Hizo ni pesa za watu, ni amana, na zinazika watu. Ijumaa viongozi wa chama watakuja nizikabidhi mbele ya mashahidi. Wajomba wa Mombasa wanaondoka Jumamosi alfajiri, hivyo siku ya kuwapata wote pamoja ni hiyo tu.

Kwa sababu hiyo naomba Ijumaa ihesabiwe katika zile siku mbili za ziada. Nijuavyo mimi, siku hizo ziliwekwa ili mfiwa apate nafasi ya kumaliza shughuli za msiba wake. Wenzangu wa Kakamega au Machakos zinawasaidia kwenda na kurudi. Mimi safari inanijia mlangoni, ila shughuli ni zile zile. Kama kanuni haikuruhusu kufanya hivyo, basi ikate katika likizo yangu ya mwaka. Kati ya zile siku 21 za kazi ambazo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi, bado nina tisa. Nisingependa iwe hivyo, lakini sitalalamika.

Kuhusu kazi. Makato ya mishahara ya Septemba yalilipwa kabla ya tarehe 9, hayana shida. Kinachobana ni taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwezi huo, ambayo mwisho wake ni tarehe 20. Mwaka huu tarehe hiyo ni sikukuu, kwa hiyo naomba iwasilishwe kwenye iTax kabla ya Ijumaa jioni na isingojwe nirudi. Jedwali la mauzo na la manunuzi yote nilikwisha yakamilisha Jumatatu na kuyalinganisha na ankara za eTIMS. Zimebaki ankara mbili za wauzaji wa karatasi ambazo hazikuonekana kwenye mfumo. Nimeziwekea alama nyekundu, na Achieng' anajua ni zipi. Amekubali kulisimamia hilo, na mkuu wa hesabu atalikagua kabla halijatumwa. Malipo ya wauzaji ya Alhamisi yameshatayarishwa na yanangoja saini tu. Mwenye swali asilolipatia jibu anipigie baada ya isha, kuanzia saa mbili na nusu usiku. Mchana simu yangu itakuwa kwa mpwa wangu, na nimemwambia asiniletee ya kazi.

Nina ombi jingine, nalo ni la wenzangu ofisini. Achieng' ameniambia kwamba wanataka kuja kunipa pole, na nimeguswa sana. Waje, tena waje wengi. Wakati mzuri ni Jumatano au Alhamisi baada ya alasiri, kuanzia saa kumi na nusu. Wanaume watakaa chini ya turubai na baba na ndugu zangu, wanawake waingie ndani. Kina dada waje na leso ya kujifunika kichwa, na wasiwe na wasiwasi wa kukosea, watakuta watu wa kuwaelekeza. Najua ni desturi ya ofisi kununua shada la maua na kuchapisha picha ya marehemu yenye mshumaa kwa ajili ya ubao wa matangazo na kundi la WhatsApp. Kwa hili naomba sana: picha ya mama isitumwe popote. Mimi na ndugu zangu hatungependa ionekane, na yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Fedha ya shada, kama imekwisha changwa, inunue sukari, mchele na maji ya kunywa ya siku ya hitima. Hilo litatufaa, na yeye lingempendeza.

Nimeambatisha nakala ya kibali cha maziko kilichotolewa leo na naibu wa chifu wa eneo letu, kwa kuwa mama alifia nyumbani. Cheti cha kifo nitakileta kitakapotoka. Fomu ya likizo nimeijaza na kumpa Achieng', ambaye ataifikisha kwako kesho asubuhi pamoja na barua hii iliyotiwa saini.

Mwisho, nakushukuru kwa zile ruhusa za mwaka huu ulizonipa nimpeleke mama kliniki, mara nyingine kwa taarifa ya jioni tu. Alijua ni nani anayezitoa. Alikuwa akikutaja kwa jina na kukuombea dua, nami nilitaka ulijue hilo.

Wako mwaminifu,

Zainabu Rashidi
Karani wa Hesabu

Nakala: Mkuu wa Idara ya Hesabu
Kiambatisho: Kibali cha maziko