Barua kwa mkaguzi: tofauti ya shilingi 14,423,600 kwenye akaunti ya kontroo ya wadaiwa

Gerezani, Dar es Salaam
11 Machi 2025

Dada mkaguzi,

Habari za kazi, na pole na majukumu ya msimu huu. Nakuandikia kuhusu lile swali lenu la wiki iliyopita, kwamba kontroo ya wadaiwa kwenye leja kuu tarehe 31 Desemba 2024 inasoma 412,638,500 wakati orodha ya mteja mmoja mmoja ikijumlishwa inatoa 398,214,900, yaani leja kuu imezidi kwa 14,423,600. Niseme mapema msimamo wangu: 13,105,000 kati ya hizo nina karatasi zake zote, na 1,318,600 zilizobaki najua zimeanzia wapi ila sijajua ni za nani, kwa hiyo naomba tusizifute.

Kubwa kuliko zote ni pesa za lipa namba, 6,215,000. Wateja wa tawi la Mbagala walilipa tarehe 30 na 31 Desemba, keshia akawaondolea deni palepale kwenye akaunti zao maana meseji ya malipo ameshaiona, lakini ingizo la leja kuu huwa linafanyika pesa zikihamishwa kwenda benki, na tarehe 1 Januari ilikuwa sikukuu kwa hiyo zikahamishwa tarehe 2. Hapo orodha ndiyo iko sahihi, mteja aliyelipa tarehe 31 hawezi kuitwa mdaiwa tarehe 31. Taarifa ya lipa namba inaonyesha kila muamala na saa yake, nimeipigia mstari, na jumla yake inalingana na ile iliyoingia benki tarehe 2 kwa sababu hatukuitoa hata shilingi hapo katikati. Ingizo ninalopendekeza ni kudebiti pesa zilizo njiani na kukrediti wadaiwa, zote kwa tarehe 31 Desemba.

Ya pili ni kodi ya zuio, 4,820,000. Unajua sisi mbali na kuuza pampu tunazifunga na kuzifanyia matengenezo mahotelini, na mahoteli wakitulipa huduma wanakata asilimia 5 kwanza. Kati ya Julai na Desemba huduma zilizokatwa hivyo zilikuwa 96,400,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, piga asilimia 5 unapata hiyo hiyo 4,820,000. Mhasibu wa wadaiwa alipopokea vyeti vya zuio aliwapunguzia wateja deni kupitia sehemu ya mfumo inayoandikwa Adjust Customer Balance, na hiyo sehemu jamani haigusi leja kuu kabisa, inabadilisha balansi ya mteja tu. Kwa hiyo mteja hadaiwi tena, leja kuu bado inamdai, na ile kodi ambayo ni haki yetu kuidai kwenye hesabu za mapato haionekani popote. Hili limeniuma kuliko mengine kwa sababu kama msingeuliza tungeweza kupeleka ritani bila kudai kodi iliyokwisha kukatwa kwetu. Vyeti vyote vimo kwenye faili la bluu, kila kimoja kimeambatanishwa na invoisi yake. Hiyo sehemu ya mfumo nimeomba ifungwe, kuanzia mwezi huu hakuna mtu anayeweza kuitumia bila mimi na meneja kuidhinisha.

Ya tatu ni invoisi moja ya Oktoba. Mbagala bado wanatuma jumla ya mauzo ya mkopo kwa karatasi, na siku hiyo walikuwa na invoisi moja tu ya 3,540,000, ikaingizwa leja kuu kama 5,340,000. Tofauti ni 1,800,000, na hiyo inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta tarakimu zilizopinduliwa badala ya kutafuta invoisi iliyopotea. Ripoti ya Z ya mashine ya EFD ya siku ile inasema 3,540,000, nakala ya mteja inasema hivyo hivyo. Kwa vile mfumo unagawa wenyewe mauzo na asilimia 18, mauzo yamezidi kwa 1,525,423.73 na akaunti ya ongezeko la thamani imezidi kwa 274,576.27. Kwa TRA hakuna shida, ritani ya mwezi ule iliandaliwa kutoka kwenye ripoti za EFD na sio kwenye leja, nimeirudia kuilinganisha.

Halafu kuna 270,000 ndogo, kreditinoti ya pampu iliyorudishwa ghalani Vingunguti. Mteja alipunguziwa 1,770,000 kama inavyotakiwa ila leja kuu ikapunguzwa 1,500,000 tu, asilimia 18 ikasahaulika.

Ukikubali maingizo hayo manne kontroo inashuka mpaka 399,533,500, na faida ya mwaka inapungua kwa ile 1,525,423.73 peke yake, mengine yote yanahama ndani ya mizania.

Sasa hiyo 1,318,600. Tulihamia mfumo mpya tarehe 1 Julai 2024. Balansi ya wadaiwa iliyoingizwa leja kuu siku ile ilikuwa 287,450,000 na orodha ya wateja iliyopakiwa ilikuwa 286,131,400, toa uone, ni 1,318,600 kamili. Nimepita mwezi mmoja mmoja kuanzia Julai mpaka Desemba na ukishaondoa yale manne hakuna mwezi ulioongeza wala kupunguza tofauti hiyo, imekaa vilevile. Kwa hiyo haikuzaliwa kwenye mfumo huu, imehamishwa nayo. Ninachoshuku ni wateja waliokuwa wamewekwa Inactive kwenye mfumo wa zamani, waliotupakilia data walichukua wateja hai tu, lakini jumla ya leja kuu ilibeba wote.

Kama ni hivyo basi hapa mambo yanageuka, leja kuu ndiyo iko sahihi na orodha ndiyo pungufu, yaani kuna watu tunawadai na hatuwatumii hata taarifa ya deni. Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kuisukuma kwenye saspensi au kuifuta kwa kuwa ni ndogo ukilinganisha na kiwango chenu. Najua kwenu ni ndogo na kiukaguzi mna haki ya kuipita. Ila ukiifuta leo umefuta deni la mtu bila kumjua, na kesho akija kulipa hatuna pa kumwandika. Naomba ibaki inaonekana kama tofauti isiyosuluhishwa, tuitengee kwa tahadhari kama deni lenye shaka kwa kiasi chote, huku tukiendelea kuitafuta. Kompyuta ya zamani ipo stoo na fundi anaiwasha kesho kutwa, nataka orodha ya tarehe 30 Juni yenye wateja wote, hai na waliofungwa.

Kuhusu barua za uthibitisho mlizotuma, majibu niliyopewa nakala yanalingana na orodha ya wateja, na nadhani hiyo inawapa nguvu kuamini kwamba kosa lilikuwa leja kuu kwa yale manne.

Maingizo nimeyaandika lakini sijayaposti, nasubiri neno lako. Kama utamtuma kijana wako Alhamisi aje asubuhi tafadhali, mwezi huu wa Ramadhani tunafunga mapema, na faili la bluu pamoja na taarifa za lipa namba zitakuwa mezani kwangu.

Wako katika kazi,
Afisa Fedha, Kitengo cha Wadaiwa