Urafiki wetu umetimiza miaka kumi

Neema shoga yangu, Mama Baraka,

Soma hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu, na wewe unajua nikianza kuandika sijui kufupisha.

Leo si siku yako ya kuzaliwa wala yangu. Hakuna aliyejifungua, hakuna aliyevishwa pete. Ninachokisherehekea ni huu urafiki wenyewe, umetimiza miaka kumi Novemba hii. Sisi kwa kupenda kwetu shughuli tumeshacheza kicheni pati, send-ofu, ubarikio na arobaini za watoto, tukashona sare za kila rangi, ila urafiki haujawahi hata kukatiwa keki. Nimeona tunaudhulumu.

Mwaka 2014 pale Mabibo mimi nilikuwa sina chumba. Majina yametoka, langu halipo, na begi langu la kutoka Muheza limesukumwa chini ya kitanda cha mtu nisiyemjua. Mtu huyo ulikuwa wewe. Uliniambia, "Lala, ila mimi ndiye wa upande wa ukuta." Hukuuliza kabila, dini wala nasoma kozi gani. Tukabebana mwaka mzima kwenye kitanda cha chini cha deka, cha mtu mmoja, tena mwembamba, na joto la Dar lile. Watu wakishalala neti moja namna hiyo hawana tena cha kufichana: nani anakoroma, nani analia kimyakimya bumu likichelewa, nani ana gauni moja tu la kutokea na analianua usiku likiwa bado bichi. Hosteli mpya za Chuo zilipofunguliwa 2017 sisi tulikuwa tunafunga virago, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba hazikuwahi. Ningepata chumba changu, ningekujua wapi?

Mabosi wetu, waume zetu, hata mama zetu wamejaribu kuelewa sisi tunaongea nini kila siku. Hakuna kitu! Unanitumia sauti ya dakika nane kuhusu bei ya mkaa Dodoma, mimi nakujibu kwa ya dakika kumi kuhusu jirani na maji yake. Lakini nikisikia ulivyosema "haloo" najua kama umelala vizuri.

Kuna mambo mawili sitaki kuyapita. Mama alipofariki, ulifika Muheza kabla ya baadhi ya ndugu zetu. Hukuja kukaa ukumbini ukilia na leso. Nilikukuta uani, kanga kiunoni, unasugua sufuria la pilau kwa majivu na wanawake wa mtaa, wewe Mnyakyusa wa Kanisa la Moravian, wanakuita "mwanetu" na wanakufundisha kuitikia dua. Tangu siku hiyo shangazi akiandaa Idi anauliza kwanza, "Yule wa Tukuyu anakuja?" Na pili, kile kipindi tulichonuniana. Sikitaji, tunakijua. Mwezi mzima hatusemezani, halafu boksi la maparachichi likafika stendi lina jina langu, bila hata barua. Na mimi nikakurudishia gunia la machungwa. Basi, yakaisha. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi, na hakuna anayedai.

Na huu mchezo wetu wa watu wawili, jamani! Kila aliyewahi kuusikia amecheka. Mwezi huu wewe unanitumia elfu ishirini, mwezi ujao mimi nakurudishia ileile. Hakuna kijumbe, hakuna faida, wanaonenepa ni mitandao ya simu na makato yao. Ila kuna mwezi elfu ishirini yako iliingia nikiwa nimebakiwa na unga tu ndani, na sikukwambia, na wewe hukujua. Ndiyo maana kila ukitaka tuuvunje nakataa.

Kwa hiyo, huu urafiki nauombea miaka mingine, si kumi tu. Uzeeke na sisi, ung'oke meno na sisi. Watoto wetu wakitaka wapendane, wasipotaka shauri yao, sisi tutaendelea.

Sasa mipango. Ijumaa ya mwisho wa mwezi panda treni ya SGR ya jioni. Kisingizio cha basi la kutwa nzima kimekufa, sasa hivi Dodoma na Dar ni saa tatu na ushee. Baraka mwache na baba yake, hatakufa. Nitakupokea stesheni, Jumamosi asubuhi tunaenda Mabibo kulitazama lile jengo kwa nje, mchana tunakula wali maharage wa mama ntilie kama zamani, jioni ndiyo keki. Nimeshaiagiza, imeandikwa majina yetu yote mawili na mwaka 2014.

Njoo na maparachichi. Na zamu ya mchezo mwezi huu ni yako, usijifanye umesahau kwa sababu nimekuandikia maneno matamu.

Wako wa upande wa nje wa kitanda,
Zai