Majibu ya kipimo chako cha usikivu

14 Mei 2025

Kwa: Ndugu Rashidi, kitengo cha kusaga na kukata chuma
Kutoka: Muuguzi wa afya kazini, zahanati ya kiwanda

Ndugu Rashidi,

Habari za kazi. Nakuandikia kuhusu kipimo cha masikio ulichofanya Jumatatu, tarehe 12 Mei. Sikio lako la kulia bado liko vizuri, ila la kushoto limepungua nguvu ukilinganisha na kipimo chako cha kwanza cha mwaka 2022. Ndiyo maana nataka nikupime tena kabla hatujafikia uamuzi wowote.

Namba za kipimo hiki ni desibeli za sauti ndogo kabisa uliyoweza kuisikia, kwa hiyo namba ikiwa kubwa, usikivu ni mdogo. Kwa mtu mzima, hadi 25 tunaichukulia kuwa kawaida. Kwenye sauti nzito, za hezi 500 na 1000, masikio yote mawili yamepata 10. Tofauti inaanza kwenye sauti nyembamba. Sikio la kushoto, kwenye hezi 2000, 3000 na 4000, lilikuwa na 10, 10 na 15. Sasa lina 15, 25 na 40. Wastani umepanda kwa desibeli 15, na sisi tunashtuka ukifika 10. La kulia limepanda kwa 5 tu.

Kwenye hezi 8000 sikio hilo la kushoto linapata nafuu, linarudi 20. Shimo la namna hiyo kwenye 4000 ndiyo alama ya kawaida ya madhara ya kelele. Nilichungulia ndani pia: hakuna nta iliyoziba wala usaha.

Uliniambia unamsikia mtu anaongea lakini maneno huyapati, hasa wakiongea wengi. Hilo linaendana na majibu haya. Herufi kama s, f na sh ziko kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo "fika" na "shika" zinaweza kukufikia zikiwa kitu kimoja. Wala si kwamba husikilizi, na ni vizuri watu wa nyumbani walijue hilo.

Kipimo cha Jumatatu tulikifanya alasiri, ukiwa umetoka kwenye zamu. Baada ya kelele nyingi sikio huchoka, na uchovu huo unaweza kupita ukipumzika. Kisichorudi ni seli zenye vinyweleo ndani ya sikio: zikifa, hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Kipimo cha pili kitatuonyesha kiasi gani ni uchovu na kiasi gani kimebaki.

Meza yako ya grinda tuliipima, ikatoa desibeli 94. Kelele ya 85 mtu anaweza kukaa nayo saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa 94, bila kinga, muda wako ni saa 1 tu.

Nilipokuomba uvae vizibo mbele yangu, cha kushoto kilibaki nje zaidi ya nusu. Kikikaa hivyo hakizuii kitu cha maana. Kisokote kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha ukishikilie kwa sekunde 30 kivimbe. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kichwani. Kuanzia kesho vaa pia vifuniko vya masikio juu ya vizibo ukiwa kwenye grinda. Stoo wanayo maagizo ya kukupa. Angalia mikono ya miwani yako isiviinue, maana upenyo mdogo tu unapitisha kelele. Na tafadhali usivivue "kidogo tu" ili umsikie mwenzako. Tokeni nje ya kitengo mwongee.

Ukienda hospitali, mwambie daktari unafanya kazi kwenye kelele, kwa sababu baadhi ya dawa, kama sindano za gentamisini, zinaweza kuumiza masikio.

Kipimo cha marudio ni Jumatatu, 9 Juni 2025, saa 1:30 asubuhi, kabla hujaingia zamu. Jumapili yake kaa mbali na mashine, muziki mkubwa na spika za masikioni, usipungukiwe na saa 14 za utulivu. Ukiwa na mafua makali, nijulishe tuahirishe. Sikio la kushoto likibaki hivi, nitakuandikia rufaa kwa daktari wa masikio.

Usisubiri tarehe hiyo ukipata mlio usiokoma, kizunguzungu, usaha, au sikio likiziba ghafla. Njoo siku hiyohiyo.

Msimamizi wako nimemweleza tu kwamba unahitaji kinga zaidi. Namba zako ziko kwenye faili lako hapa zahanati, na una haki ya kupewa nakala.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa afya kazini