Hotuba ya Kumuaga Mzee Shekilindi, Meneja wa Kiwanda cha Chai

Viongozi wa kijiji na wa dini, wakulima wetu, wafanyakazi wenzangu, na familia ya Mzee Shekilindi: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa dakika tatu, na tunayemuaga ndiye aliyetuzoesha kutazama saa, kwa hiyo sitazunguka.

Mzee alifika Tukuyu mwaka 1998 akitokea Lushoto, mvua za El Nino zikiwa zimeziharibu barabara zetu vibaya. Alianza kama msimamizi wa zamu ya usiku, sehemu ya kunyausha majani. Umeneja aliupata mwaka 2007, na leo, akiwa ametimiza miaka 60, anastaafu.

Ukimtafuta ofisini asubuhi, humpati. Yuko mizani. Wakulima mnalijua lile jiwe lake la kilo 20. Kabla gunia la kwanza halijapimwa, analiweka jiwe kwenye mizani mbele yenu wote, kila mtu asome mwenyewe. Siku mizani iliposoma pungufu, alisimamisha upokeaji hadi fundi alipofika, foleni ya magari ikafika barabarani. Sisi wa uzalishaji tulinung'unika sana. Majani mabichi hayasubiri, yakilundikana yanapata joto na kuharibika. Lakini tangu siku ile sijasikia mkulima akilalamikia kilo zake. Kama yupo, anyooshe mkono, Mzee bado ni meneja hadi saa kumi!

Alikuwa mkali, tusifichane. Aliyechelewa zamu alipokelewa getini na meneja mwenyewe, kwa salamu ndefu ya heshima kuliko anayopewa mkwe. Ungetamani akugombeze tu yaishe. Ila mtu akifiwa, Mzee alikuwa msibani mapema, na hakukaa kwenye viti vya mbele. Mama Salome wa jikoni anakumbuka nani alipanga kuni zake.

Mama Shekilindi, kwako tuna deni. Boila ikigoma saa nane za usiku, simu ilikuamsha wewe pia. Kuanzia kesho tutamsumbua meneja mpya, ambaye naona ameanza kutabasamu kwa shida. Karibu sana, ndugu yetu. Jiwe liko pale pale mizani.

Mzee, zawadi yetu haikuingia ukumbini kwa sababu ina miguu minne. Wafanyakazi na wakulima tumechanga tukakununulia mtamba wa maziwa, amefungwa pale nje karibu na tangi la maji. Miaka yote umeonja chai yetu kavu, ukisema maziwa yanaficha makosa ya kiwandani. Sasa ukaguzi umekwisha. Ng'ombe huyu akizaa, weka maziwa, weka na sukari kama Mama ataruhusu, ukae barazani unywe taratibu.

Ndaga fijo, Mzee wetu. Naomba wote tusimame tumpigie makofi, kisha twende tukamwone mtamba.