Yah: Pamba, paka dume wa miaka 10: dalili zake siku kwa siku kabla ya miadi ya Ijumaa saa nne asubuhi

Habari za jioni, Daktari,

Jana nilipiga simu kumwombea Pamba miadi, na dada wa mapokezi akanishauri nikuandikie dalili zake kwa mpangilio ili uzipitie kabla hatujafika. Nashukuru kwa nafasi hiyo, maana mbele ya meza ya daktari huwa nasahau nusu ya niliyokusudia kusema.

Kwa ufupi: anakunywa maji mengi kupita kawaida, anakojoa sana, na amekonda ingawa alikuwa anakula kwa pupa. Jumanne alianza kutapika na miguu yake ya nyuma ikaonekana imelegea. Leo, kwa mara ya kwanza, ameacha nusu ya chakula chake. Hili la leo ndilo linalonitisha zaidi. Ukiona hali hii si ya kungoja mpaka kesho, tafadhali nipigie hata kama ni usiku, nitamleta. Namba yangu mapokezi wanayo.

Kwanza historia yake. Pamba amehasiwa, haendi nje, na chanjo zake ziko sawa. Dawa ya minyoo alipewa miezi miwili iliyopita. Alipochanjwa, miezi minane nyuma, kadi inaonyesha alikuwa na kilo 6.4, na daktari wa wakati ule alisema amenenepa kupita kiasi. Jumapili nilipanda naye kwenye mizani, kisha nikapanda peke yangu na kutoa tofauti. Nikapata kilo 5.3. Nilirudia, ikatoka ile ile. Mizani ya nyumbani si ya kuaminika sana, lakini hata kwa mkono unaona: uti wa mgongo unahesabika pingili kwa pingili, wakati tumbo bado linaning'inia.

Kuna jambo naona ni muhimu ulijue. Mwaka huu alikuwa na muwasho mkali shingoni na tumboni, na kliniki tuliyokuwa tukienda ilimchoma sindano mara mbili. Kwenye kadi imeandikwa methiliprednisoloni. Ya pili ilikuwa kama wiki sita zilizopita. Muwasho uliisha kabisa. Kiu ilianza kuonekana baada ya hiyo ya pili, polepole, kiasi kwamba mwanzoni tulidhani ni joto. Nimepiga picha kurasa zote za kadi na kuziambatisha.

Tuna paka mwingine, Shani, jike wa miaka 4. Yeye ni mzima, anakula na kucheza kama kawaida. Kwa kuwa walikuwa wanashiriki bakuli la maji na trei ya mchanga, nimewatenganisha vyumba, ili ninachokuandikia kiwe cha Pamba peke yake.

Sasa siku zenyewe.

Ijumaa iliyopita. Bakuli la maji lilikutwa kavu asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea hata wakati paka wote wawili wanalitumia. Alikula vizuri na kudai nyongeza.

Jumamosi. Alikojoa sakafuni bafuni, pembeni kabisa ya trei. Hajawahi kufanya hivyo tangu akiwa mdogo. Sikufuta mara moja kwa sababu nilitaka kuona rangi: mkojo ulikuwa mweupe karibu kama maji, hauna damu, na harufu yake ilikuwa hafifu. Niliporudi baada ya kama saa moja, sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye ufa wa ukuta hadi kwenye ule mkojo, wameuzunguka ukingo wote. Pale palipokauka pakawa panata kidogo chini ya kandambili. Mama yangu ana kisukari, na kwetu jambo hilo linajulikana maana yake kwa binadamu. Kwa paka sitaki kukutangulia, wewe ndiye mwenye kupima. Ila nimeliona kwa macho yangu na nisingependa lipotee katika maelezo.

Jumapili. Ndiyo siku niliyowatenganisha na kuanza kumpimia maji kwa kikombe chenye alama. Kutoka Jumapili jioni hadi Jumatatu jioni alikunywa mililita 520. Niliweka bakuli lingine la maji juu ya kabati, mahali asipofika, ili nijue kiasi kinachopotea hewani. Kilikuwa kidogo, na nimeshakitoa kwenye hesabu. Siku iliyofuata akanywa 560, na hadi jana jioni 610. Haya ni mbali na yaliyomo kwenye chakula cha kopo anachopewa usiku. Kwenye mchanga wa kuganda, zamani nilikuwa natoa mabonge mawili au matatu kwa siku. Sasa natoa sita, kila moja kubwa kama ngumi yangu. Hajikamui anapokojoa, halii, na mkojo unatoka kwa wingi kila mara. Hilo nimelichunguza kwa makusudi, maana najua dume kushindwa kukojoa ni dharura.

Jumatatu. Hamu ya kula ilikuwa kubwa ajabu. Alimaliza gramu 60 za chakula kikavu na kopo lake, kisha akaenda kukwaruza mlango wa chumba cha Shani akitaka na cha kwake. Manyoya ya mgongoni yamepoteza mng'ao, yana mba, na yameshikana karibu na mkia. Nadhani hajirambi tena huko nyuma. Kinyesi kigumu kidogo, rangi ya kawaida.

Jumanne. Hapa ndipo mambo yalibadilika. Alfajiri alitapika chakula cha usiku, hakijasagika vizuri. Jioni akatapika tena, safari hii maji yenye povu na manyoya machache. Hakukuwa na damu wala uzi wala kitu kigeni, na hakuna kitu nyumbani kilichotafunwa au kupotea. Hatuna mimea ya ndani.

Siku hiyo hiyo niliona miguu. Pamba huwa anaruka kutoka sakafuni hadi dirishani kwa mruko mmoja. Alisimama chini ya dirisha, akatazama juu, akajipima, kisha akapanda kiti kwanza kwa kujivuta na miguu ya mbele. Aliposhuka nikamfuata kwa nyuma. Paka hutembea kwa vidole, kisigino kikiwa juu. Yeye sasa visigino vya miguu yote miwili ya nyuma vinashuka hadi kugusa sakafu, kama sungura. Vinafanana kulia na kushoto. Nilibonyeza taratibu kuanzia nyonga hadi kwenye vidole: hakulia, hakuvuta mguu, na nyayo ni za joto sawa na za mbele. Hajaanguka kutoka mahali popote tunapojua. Nimeambatisha video mbili, moja imechukuliwa kwa nyuma na nyingine kwa ubavuni. Tafadhali itazame ya nyuma kwanza. Nina hakika ukimweka sakafuni kliniki atajikunja tu na hatatembea, kwa hiyo pengine video ndiyo itakayokuonyesha.

Jumatano. Alitapika mara moja, povu tupu, kabla ya chakula cha asubuhi. Alikula lakini taratibu. Alilala sana. Ndiyo siku niliyopiga simu.

Leo, Alhamisi. Hajatapika mpaka saa hizi. Asubuhi alikula nusu ya chakula kikavu akaondoka. Jioni nilimpashia moto kidogo chakula cha kopo, akalamba mchuzi na kula kama nusu yake. Maji bado anayafuata, ananywa kwa muda mrefu bila kuinua kichwa. Fizi ni za waridi, lakini nikizigusa ni kavu na zinanata kuliko za Shani, na ngozi ya kwenye bega nikiivuta juu inachelewa kurudi. Pumzi nilizihesabu akiwa amelala fofofo: 22 kwa dakika. Kinywa hakina harufu mpya ninayoweza kuitambua. Macho meupe safi, si ya njano. Akiitwa anaitika na anakuja, ila kwa uzito.

Dawa: hajapewa yoyote nyumbani. Kuna ndugu alishauri nimpe kipande kidogo cha dawa ya sukari ya Mama, na mwingine akataja parasetamoli kwa ajili ya miguu. Nimekataa zote mbili. Parasetamoli najua ni sumu kwa paka, na dawa za Mama zimefungwa kabatini. Kile kipimo cha sukari cha kutoboa kidole pia sijakitumia kwake. Ningependa wewe ndiye umpime kwanza.

Nina maombi machache. Naomba kujua kama nisimpe chakula kabla ya vipimo vya damu. Kwa jinsi alivyopunguza kula sipendi kumfungisha bila agizo lako, kwa hiyo bila jibu nitampa asubuhi kama kawaida, na maji sitayaondoa kabisa. Kuhusu mkojo, nimeosha trei kwa maji ya moto na kuisuuza vizuri, nitaiacha bila mchanga kuanzia alfajiri. Akikojoa humo nitauchukua kwa bomba safi la sindano na kuuleta kwenye chupa yenye kifuniko, nikiwa nimeuweka kwenye friji hadi tunapotoka. Kama hautafaa, au unapendelea kuuchukua mwenyewe moja kwa moja kwenye kibofu, niambie tu.

La mwisho ni hofu yake. Mbwa akibweka karibu naye anatetemeka na kuhema. Nimeelewa kwamba hofu peke yake inaweza kupandisha sukari ya paka kwenye damu, kwa hiyo ikiwezekana tungengojea nje, tuingie moja kwa moja zamu yetu ikifika. Atakuja ndani ya kasha linalofunguka juu, pamoja na taulo lake. Haumi, ila ukimshika kiuno ghafla hugeuka na kucha. Ukimfunika kichwa na taulo na kumwachia mikono ya mbele atulie, hukubali hata sindano.

Ikigundulika ni ugonjwa wa kuchoma sindano kila siku, sisi tuko tayari. Nyumbani tumezoea sindano za Mama na ratiba ya chakula, na kuna mtu nyumbani asubuhi na jioni. Nasema mapema ili usisite kutueleza njia yoyote ya matibabu kwa kudhani itatushinda. Huyu paka amelala miguuni pa Mama tangu alipofika nyumbani, na tunataka apone.

Akitapika tena usiku huu, akikataa chakula kabisa, au akishindwa kusimama, sitangoja saa nne. Nitapiga simu na kuja.

Asante sana, Daktari.

Rehema
Mwenye Pamba

Viambatisho: picha za kadi ya chanjo na matibabu, video mbili za anavyotembea, picha ya sisimizi bafuni